Elfu Moja Iliyogeuka Moja

Shemeji yangu ana miaka 38, anakaa Ruiru, na kwa miaka 14 amekuwa akipanda matatu asubuhi kwenda Thika, ambako anasimamia stoo ya kiwanda. Fununu za kupunguza wafanyakazi zilipozidi, akaniuliza, "Shem, nikianza hii mambo ya kuandika programu, nianze na gani? Python ama JavaScript?"

Nilimjibu haraka kuliko nilivyopaswa. Nikamwambia JavaScript. Hakuwa na laptopu, alikuwa na simu tu, na Chrome ya simu inakuja na JavaScript ndani yake. Unaandika faili moja, unaifungua, na usiku huo huo kitu kinatokea kwenye skrini. Mtu anayeanza somo saa tatu usiku, baada ya kupika na kukagua homuweki za watoto, anahitaji kuona kitu kikitokea. Hizo sababu bado naziheshimu. Nilichosahau kumuuliza ni hiki: ukikosea, nani atalipa?

Yeye ni mweka hazina wa chama cha wanawake 12, kila mmoja anachanga shilingi 500 kwa wiki. Programu yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya kujumlisha michango. Jaribio la kwanza liliwachekesha wote nyumbani. Aliandika 500 mara tatu, simu ikamjibu 0500500500. JavaScript inachukulia chochote unachoandika kwenye kisanduku cha `prompt` kuwa maandishi, hata kama ni tarakimu. Ukiiambia ijumlishe namba na maandishi, haikatai. Inageuza ile namba kuwa maandishi pia, kisha inayabandika pamoja kama mabehewa ya treni. Sifuri, halafu 500, halafu 500, halafu 500.

Kosa la aina hiyo halina shida, kwa sababu linajionyesha lenyewe. Hakuna chama cha Ruiru chenye milioni mia tano. Shida ilikuwa dawa niliyompa.

```
let jumla = 0;
for (let i = 0; i < 12; i++) {
  jumla = jumla + parseInt(prompt("Mchango:"));
}
alert(jumla);
```

Nilimwambia `parseInt` inageuza maandishi kuwa namba, na tena ni pole: hata mtu akiandika "500/-" inachukua 500 na kuacha hayo mengine. Nilisema "pole" kama sifa. Wiki tatu programu ikafanya kazi vizuri na yeye akaacha kujumlisha kwa kalamu.

Wiki ya nne mwanachama mmoja alituma 1,000 ili kulipia wiki aliyokosa. Shemeji alikuwa akinakili kiasi kutoka kwa ujumbe wa M-Pesa, na M-Pesa huandika elfu moja hivi: Ksh1,000.00. Akaandika alichokiona, koma na nukta na zote. `parseInt` husoma kutoka kushoto na kusimama inapokutana na herufi ya kwanza isiyoielewa. Iliona 1, ikaona koma, ikasimama. Elfu moja ikawa moja. Haikulalamika, haikupiga kengele. Kumi na mmoja walichanga 500, ukiongeza ile moja, jumla ni 5,501. Ndiyo aliyoituma kwenye grupu ya Wasapu saa nne usiku, akiwa amechoka, akalala.

Asubuhi, akiwa kwenye matatu kabla hata ya kufika Juja, mtu alishauliza: mbona wanachama wameonyesha jumbe za 6,500 na mweka hazina anasema 5,501? Zile 999 ziko wapi?

Kama hujawahi kushika pesa za chama huenda hiyo ionekane ndogo. Lakini mweka hazina hana kitu kingine isipokuwa kuaminika kwake, na 999 ni kiasi kibaya sana, kwa sababu kinaonekana kama mtu aliyeiba akijaribu kutofikisha elfu. Hakuna aliyesema "mwizi". Walisema "tunauliza tu", na hiyo ni mbaya zaidi. Yeye naye hakuweza kujitetea, maana hakujua. Alijibu mashine haiwezi kukosea hesabu. Alikuwa amefundishwa hivyo, na mimi.

Sasa tuangalie Python ingefanya nini na maandishi hayo hayo.

```
jumla = 0
for i in range(12):
    jumla = jumla + int(input("Mchango: "))
print(jumla)
```

Pale `int` inapopewa 1,000.00 programu inakufa papo hapo, na skrini inaonyesha:

```
ValueError: invalid literal for int() with base 10: '1,000.00'
```

Maana yake, hili ulilonipa siwezi kulifanya namba, na hili hapa ndilo. Inakutajia mstari na inakunukulia kosa lako, koma yake ikiwemo. Hata lile la mwanzo, la kujumlisha sifuri na maandishi bila kugeuza, Python ingelikataa kwa `TypeError` kabla ya mchango wa pili. Huwezi kufika kwenye grupu na 5,501, kwa sababu hakuna 5,501. Kuna nyekundu tu, saa nne usiku, na wewe peke yako jikoni.

Hapo ndipo naona tofauti inayostahili kubishaniwa, kuliko ile ya kazi zipi zinalipa. (Kazi zipo pande zote mbili. Anayetaka kutengenezea maduka tovuti hataikwepa JavaScript, anayetaka ripoti na data atakutana na Python. Tuendelee.) Kosa lako kwenye Python, mara nyingi, unalilipa wewe, mara moja, kwa aibu na usingizi. Kosa lile lile kwenye JavaScript linaweza kusafiri hadi kwa mtu ambaye hakuwahi kuomba kuwa sehemu ya masomo yako. Yule mwanamke aliyetuma elfu yake alihesabiwa shilingi moja, na hakujua hata kwamba kuna programu.

Upole huo wa JavaScript una chanzo chake, si uzembe tu. Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 pale Netscape, toleo la kwanza kwa siku kama 10, iwe lugha ndogo ya kuchangamsha kurasa za wavuti. Mwanzoni haikuwa hata na `try` na `catch`, njia ya programu kukamata kosa na kulishughulikia. Hiyo iliingia kwenye kiwango rasmi cha mwaka 1999. Kama lugha haina njia ya kukwambia "nimeshindwa" bila kuangusha kila kitu, inabaki kukurudishia chochote na kuendelea. Na kwa ukurasa wa wavuti hiyo ni busara: msomaji hastahili kunyimwa habari nzima kwa sababu kitufe kimoja kimekosewa. Upole ule ulikusudiwa msomaji. Sisi tumeuhamishia kwenye hesabu za pesa.

Lakini siwezi kusema Python ni mkweli na JavaScript ni mwongo nikalala vizuri. Kwanza, nilichagua kifaa kibaya. Ningempa `Number` badala ya `parseInt`, ile "1,000.00" ingerudi `NaN`, yaani "si namba", na `NaN` inaambukiza: ukiijumlisha na chochote, jumla nzima inakuwa `NaN`. Hakuna anayetuma `NaN` kwenye grupu. Lugha ilikuwa na njia ya kusema ukweli, mimi nikamfundisha ile ya kunyamaza kwa sababu ilionekana rahisi kwa mtu mzima anayeanza.

Pili, Python nayo hunyamaza. Baada ya ile asubuhi aliazima laptopu ya mpwa wake na kuiandika upya kwa Python. Akajifunza kuondoa koma kwa `replace(",", "")` na ile `.00` kwa `replace(".00", "")`, hesabu ikakubali. Akajiamini, akaongeza orodha ya waliochanga chini ya kiwango. Kiwango akakiuliza kwa `input`, akasahau `int` pande zote mbili. Kwa hiyo alikuwa akilinganisha maandishi kwa maandishi, na maandishi hulinganishwa kama kamusi, herufi kwa herufi. "1" hutangulia "5", basi "1000" ni ndogo kuliko "500". Python haikusema neno, na JavaScript ingefanya vivyo hivyo. Na nani akatokea kwenye orodha ya wadaiwa? Mama yule yule wa elfu moja. Safari hii shemeji aliiona kabla ya kutuma, kwa sababu alikuwa ameanza tabia ya kujaribu programu kwa majina matatu ambayo majibu yake anayajua kichwani. Hiyo tabia hakuna lugha iliyompa.

Na kuna gharama nyingine ambayo watu wa kompyuta tunaipuuza. Usiku wake wa kwanza na Python alipata nyekundu mara sita, akafunga laptopu. Aliniambia, "Shem, mimi pale stoo nikisema gunia halijafika, lori halitoki. Hapa naambiwa nimekosea na kitu hakijui hata jina langu." Kijana wa miaka 19 hukosolewa kila siku, amezoea. Mtu mzima anayebadilisha kazi anaacha mahali alipoheshimika, na ujumbe wa kosa ndio unaomkumbusha kila baada ya dakika tano. Wengine huacha hapo, na ukweli mkali ambao umemfukuza mwanafunzi haujamlinda mwanachama yeyote.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa, nauliza kwanza ni nini utakigusa mwezi wa kwanza. Kama ni tovuti ya saluni, au una simu tu na huna pa kuazima laptopu, anza na JavaScript, lakini kila kinachotoka kwa `prompt` kipitie `Number`, na mchana mmoja ukae uiandikie takataka makusudi: koma, nafasi, "mia tano". Kama ni pesa za watu, madeni, dozi, hesabu za stoo, nitakusukuma kwenye Python hata ukinuna, na nitakaa nawe usiku wa kwanza. Hilo la kukaa ndilo nililikosa kwa shemeji. Ni rahisi kutoa ushauri wa lugha ukiwa si wewe utakayeulizwa 999 ziko wapi.

Kikao kilichofuata cha chama alibeba laptopu. Aliiweka mezani kati ya vikombe vya chai, akamwomba yule mama asome ujumbe wake wa M-Pesa jinsi ulivyo, akaandika 1,000.00 mbele ya wote, kwenye ile programu isiyoondoa koma. Nyekundu ikajaa skrini. Mmoja akauliza, "Sasa hiyo imeharibika?" Akasema hapana, na akaweka kidole juu ya ile koma.