Haiwezekani

Chukua mazungumzo haya, ambayo katika mwambao wa Ziwa Nyasa yanaweza kutokea wiki yoyote. Shangazi yuko Mbinga mjini, juu milimani, ana meza yake sokoni. Mpwa wake yuko Kihagara, chini ziwani, anavua usipa na kuuanika. Jumanne asubuhi shangazi anatuma meseji ndefu kidogo: anasalimu, anauliza hali za watoto, kisha anaomba ndoo mbili za usipa mkavu zimfikie Ijumaa, na anasema yuko tayari kutuma hela leo. Baada ya saa tatu jibu linaingia kwenye simu yake ya batani.

"Haiwezekani."

Hakuna uongo katika jibu hilo. Ni kweli haiwezekani. Usipa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta samaki, wavu unawazunguka. Mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa na mwanga na taa ya mvuvi inapoteza kazi yake, kwa hiyo wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Kama mwezi umejaa Jumanne, usipa mkavu wa Ijumaa utatoka wapi? Mpwa anajua hivyo, na kwake jambo liko wazi kiasi kwamba neno moja linatosha.

Shangazi naye anakaa na neno hilo sokoni mchana kutwa. Haiwezekani kwa nini? Kuna mtu mwingine amenunua kwa bei nzuri zaidi? Lile deni la mwaka juzi bado linamkera? Ameudhika? Na ile shikamoo yake imekwenda wapi, maana alianza yeye, mkubwa, kumjulia hali mdogo, na hakupata hata marahaba ya kinyumenyume.

Swali langu ni la kimaadili. Mtu akisema kweli tupu, na kweli hiyo ikamuumiza mwenzake kwa sababu tu ni tupu, amemkosea? Wapo wanaosema hapana: nimejibu ulichouliza, mengine ni hisia zako. Mimi nadhani amemkosea, na ushahidi uko ndani ya neno lenyewe.

Kiswahili ni lugha inayoweza kuweka sentensi nzima katika neno moja. "Nitakuletea" lina mtendaji, wakati, mtendewa na tendo, hakuna kilichopungua. Kwa hiyo ufupi peke yake si baridi. Lakini "haiwezekani" ni neno la namna nyingine. Ile "-kan-" ya mwishoni inamfuta mtendaji. "Siwezi" lina mtu ndani yake, na unaweza kumuuliza. "Haiwezekani" halina mtu. Ni kama tangazo lililobandikwa mlangoni na aliyelibandika ameshaondoka. Halisemi kama ni ziwa lililokataa au ni mpwa. Ndiyo maana watu wa ofisini wanalipenda sana, na ndiyo maana linachoma likitoka kwa mtoto uliyembeba mgongoni.

Mara nyingi tunatetea majibu ya namna hii kwa hoja ya nafasi: meseji ni fupi kwa asili yake. Tuipime hoja hiyo kwa namba. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Kikomo hicho kina historia. Mwaka 1985 Friedhelm Hillebrand, mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa Bonn, aliandika kwa mashine yake ya taipu sentensi na maswali ya kila siku, akahesabu herufi zake, akaona kwamba karibu zote hazifiki 160. Aliona pia kwamba kadi za posta na ujumbe wa teleksi mara nyingi haukuzidi hapo. Yaani kikomo kiliwekwa baada ya mtu kujiuliza binadamu anahitaji nafasi kiasi gani ili aseme jambo kamili. Mpwa wetu ametumia herufi 12, pamoja na nukta.

Sasa tulijaze jibu lake. Kilichokosekana ni vitu vichache tu: mtu anayejibiwa, sababu, na nini kifuate. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, ingawa ndicho shangazi anachokihitaji kuliko pole yoyote, kwa kuwa ameshika hela mkononi na hajui aitume au anunue kwa mwingine.

"Shikamoo shangazi. Usipa wa Ijumaa sitaupata, mwezi umejaa hatuvui. Usitume hela bado. Nitakupigia Jumatano ijayo giza likirudi. Salimia nyumbani."

Nimezihesabu: herufi 146. Zinabaki 14. Jibu bado ni hapana, na hapana hiyo inasikika mapema, mara tu baada ya salamu. Lakini "sitaupata" limemrudisha mtu ndani ya sentensi, na mwezi umepewa lawama yake. Jumatano nayo haikuokotwa hewani. Siku nane hivi baada ya mwezi kujaa, unachomoza karibu na usiku wa manane, na nusu ya kwanza ya usiku inakuwa na giza la kutosha kwa taa.

Wengine hujaribu kupasha jibu joto kwa njia rahisi zaidi: "Haiwezekani", kisha kikatuni cha uso unaotabasamu. Kwenye meseji ya kawaida kikatuni kimoja hubadilisha namna herufi zote zinavyobebwa, na kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70. Tabasamu linakula zaidi ya nusu ya nafasi ya maelezo. Sikupanga mfano huo, lakini unanifaa.

Jibu linaweza kuharibika pia kwa kujazwa mno. Anayeogopa kuonekana mkavu hutoa sababu tatu: mwezi, na mtumbwi unavuja, na mtoto anaumwa. Sababu moja ya kweli huaminika, ila zikiwa tatu msomaji anaanza kuzipima moja moja. Kibaya zaidi ni "nitajitahidi". Neno hilo ni la joto kabisa, na shangazi atatuma hela kwa ajili yake, na Ijumaa atasimama stendi kupokea ndoo ambazo hazikupakiwa. Kati ya ubaridi wa "haiwezekani" na joto la "nitajitahidi", heri ubaridi. Na akiuliza tu "Umefika?", basi "Nimefika" ni jibu kamili. Kipimo ninachokitumia ni hiki: baada ya kusoma, atalazimika kuuliza tena?

Kuna jambo moja linanisumbua katika hoja yangu. Tuseme mwezi haukujaa. Tuseme usipa upo, umekauka vizuri, na mpwa ameshauahidi kwa mchuuzi aliyeongeza bei. Hapo "haiwezekani" si uvivu tena, ni maficho. Akilijaza jibu lake kwa kweli, itabidi aandike "nimempa mwingine", na shangazi atajua. Akilijaza kwa mwezi, amedanganya, na mwanamke aliyekulia ziwani anaweza kuinua macho usiku huohuo akaona anga nyeusi.

Sidhani kama anawajibika kueleza biashara yake yote. Anaweza kuandika: "Shikamoo shangazi. Usipa wa wiki hii nimeshauahidi kwa mtu. Usitume hela. Mzigo unaofuata nitakuwekea ndoo mbili, nitakupigia ukikauka." Hakutaja bei wala jina. Lakini ameandika "nimeshauahidi", yeye mwenyewe, na shangazi akiamua kukasirika anajua amkasirikie nani.