Binti wa Uroa na "Popote, Wakati Wowote"

Mwezi wa Agosti 2025 binti mmoja wa Uroa alitaka vibarua vya muda mfupi mahotelini. Msimu wa wageni ulikuwa umechanganya, na mwani peke yake haukutosha. Akapewa namba ya wakala wa ajira wa mjini, akaandika:

"Shikamoo. Natafuta kazi yoyote, wakati wowote, popote Unguja. Najua usafi, jiko, mapokezi na lugha."

Aliamini kuwa asiyechagua ndiye anayepata. Kweli, hakukaa sana akaitwa.

Mara ya kwanza aliitwa siku moja ya mwezi huohuo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, kwa hivyo bahari ilikuwa bamvu. Pwani ya mashariki, bamvu ndilo linaloyatoa maji mbali kabisa, mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hapo ndipo wakulima wa mwani wanapoteremka kufunga na kuvuna. Mama yake alikuwa na kamba zinazomngoja, na binti ndiye msaidizi wake. Binti akakataa kazi.

Mara ya pili aliitwa Nungwi, zamu ya saa moja asubuhi. Alitoka alfajiri kwa gari ya kwanza, lakini gari ya Uroa huenda mjini, na ya Nungwi hupandwa huko. Alipofika, zamu ilikuwa imeshaanza zamani na kazi keshapewa mwengine.

Mara ya tatu aliwekwa mapokezi kwa sababu ya lile neno "lugha". Wageni walikuwa Wataliani, naye Kitaliani chake kilikuwa cha salamu tu. Siku ya pili hakuitwa tena, wala siku zilizofuata.

Alipopiga simu kuuliza, karani wa wakala alimjibu kwa upole: "Mwanangu, sisi hatukukasirika. Hoteli ikinipigia jioni inataka watu wanne kwa kesho, nawapigia wale ninaojua watafika. Wewe umesema popote, nami sijui ulipo."

Binti akampelekea shangazi yake ule ujumbe. Shangazi aliwahi kusimamia wasafishaji wa vyumba. Akauliza mambo matatu: umefanya nini kwa mikono yako, siku zipi huna shughuli, na gari ipi itakufikisha kabla ya zamu. Kisha wakaandika upya:

"Shikamoo. Naishi Uroa, Wilaya ya Kati. Nimesafisha vyumba vya wageni kwa miezi minne, vyumba kumi kwa zamu, na nimeosha vyombo jikoni. Kiingereza nazungumza, Kitaliani salamu tu. Nafasi yangu: tarehe 12 hadi 20 Septemba, na 26 Septemba hadi 5 Oktoba. Tarehe 21 hadi 25 sipatikani. Naweza kufika Uroa, Pongwe na Chwaka kwa zamu ya saa moja asubuhi (07:00), na Kiwengwa, Kaskazini B, kwa zamu ya kuanzia saa tatu (09:00). Nungwi na Paje nakubali ikiwa hoteli ina gari ya wafanyakazi au pa kulala."

Zile tarehe hazikutoka hewani. Walianzia kwenye mwezi: giza la mwezi lilikuwa tarehe 21 Septemba, na bamvu hushika siku hizo na chache zinazofuata. Katikati ya mwandamo na mpevu huja maji mafu, bahari haitoki mbali, shamba la mwani halifanyiwi kazi, na hapo ndipo mtu wa Uroa anapokuwa huru. Karani wa mjini hahesabu bamvu, kwa hivyo ni lazima apewe tarehe za kalenda anayoitazama yeye.

Wilaya nayo ilihitaji uangalifu. Kuandika "Kaskazini B" peke yake hakutoshi, maana ndani yake mna Kiwengwa, jirani ya Uroa, na mna Bumbwini, upande wa pili wa kisiwa. Anayetaja wilaya bila ya kijiji anaweza kupelekwa asikofika. Na saa huandikwa kwa namna mbili kwa sababu ratiba za hoteli nyingi husomwa kwa saa za kizungu: saa moja ya kwetu ni 07:00, na anayesoma "saa 7" kwa haraka hukosa zamu nzima.

Ujumbe wa pili ulimfungia milango mingi, lakini ile iliyobaki ilikuwa ya kweli. Alipigiwa kwa Kiwengwa tarehe 13, akafika kabla ya saa tatu, na hoteli ikamwomba tena kwa zile siku alizoandika.

Funzo: wakala hanunui utayari wa mtu, ananunua hakika ya kuwa atafika na ataiweza kazi. Kila "yoyote" unayoandika ni ahadi utakayodaiwa, na deni hilo hulipwa kwa simu isiyolia. Andika na usichoweza, ndipo watakapoamini unachoweza.