Barua ya Nyumbu Iandikwe kwa Atakayeisoma Mkutanoni

Wanangu mnaofanya kazi ya wanyamapori huku Simanjiro, sensa ikiisha ninyi ndio mnaoshika kalamu. Barua mnayoiandikia Halmashauri ya Kijiji haiishii mezani kwa mtendaji. Mwenyekiti ataisoma mbele ya Mkutano Mkuu, mfugaji atasimama na fimbo yake kuuliza, na ninyi hamtakuwepo kumjibu. Jibu lake liandikeni humo humo.

Kwanza atauliza: mlihesabuje? Mwelezeni bila kumzungusha. Ndege hairuki juu ya kila kichaka. Hufuata mistari iliyonyooka, aghalabu yenye nafasi ya kilomita 5 kati yake, na wahesabuji hutazama ukanda mwembamba kila upande. Kanda hizo mbili zikiwa na upana wa mita 150 kila mmoja, mmeona mita 300 katika kila mita 5,000, yaani sehemu 6 katika 100. Zinazobaki ni makadirio. Tuseme mmeona nyumbu 240: hesabu inawapa 4,000. Lakini nyumbu hutembea kwa makundi. Kundi moja likiangukia ndani ya ukanda, idadi inapanda. Likipita pembeni, inashuka. Kwa hiyo huenda wako 2,500, huenda wako 5,500, na barua itaje ncha zote mbili.

Hapa ndipo ninapowaonya. Sensa iliyopita ikiwa ilitoa 5,000 na hii imetoa 4,000, msiandike kwamba nyumbu elfu moja wamepotea. Hamjui hilo. Mwakani ndege ikileta 5,200, mfugaji ataishika barua yenu ya zamani na kusema hawa ni waongo, na siku hiyo hata ushauri wenu wa kweli utakataliwa. Njia ya mwongo ni fupi. Yapo mabadiliko ambayo hakuna bahati ya ukanda inayoweza kuyaeleza: nyumbu wa Tarangire na nyanda zake walikadiriwa kuwa zaidi ya 40,000 mwaka 1988, na takriban 5,000 mwaka 2001. La namna hiyo lisemeni kwa sauti kubwa. Tena tajeni mwezi mliohesabu. Kiangazi nyumbu wako mtoni ndani ya hifadhi, na atakayehesabu mbugani Agosti atakuta nyasi tupu.

Swali la pili litakuwa la ng'ombe: tulishe wapi, lini? Msijibu kwa neno "kupunguza shinikizo la malisho". Halimwambii mtu aamke aelekee wapi. Anzeni na anachokijua. Nyumbu huja nyanda za Simanjiro wakati wa mvua kwa sababu majani mafupi ya huko yana madini yanayowafaa wanaonyonyesha, na huzaa karibu na Februari. Wafugaji huhamisha ng'ombe wakati huo kwa kuogopa ugonjwa wa nyumbu, na wana haki ya kuogopa. Ng'ombe aliyeupata hushikwa na homa kali, hutoka kamasi nzito, macho yake huingia ukungu, na ni nadra kupona.

Ila wengi wanaamini kinachoua ni kondo la nyuma lililoachwa majanini. Wanasayansi wameona kwamba hatari kubwa iko kwenye ute wa pua na machozi ya ndama wa nyumbu, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Tofauti hii inabadilisha ushauri. Anayerudi mbugani mara tu uzazi unapokwisha anarudi hatari ikiwa ingalipo. Andikeni hivi: "Ng'ombe wasiingie katika eneo hili mpaka ndama wawe wamepoteza rangi yao ya hudhurungi." Hiyo ni alama ambayo mchungaji anaiona kwa macho. Ongezeni pia kwamba ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake, ili mtu asitenge zizi zima bure.

Kisha semeni ng'ombe wale nini wakati huo, maana kumfungia mtu mbuga bila kumwonyesha pengine ni kumfukuza. Tajeni kwa majina yake ya kienyeji malisho ya mvua na alalili ya kiangazi, na nani ataifungua. Andikeni vilevile mvua ikikosekana itakuwaje. Bila hilo, mwaka wa ukame kila mtu atajifungulia mwenyewe.

Mwisho, tenganisheni hesabu na ombi. Kuhesabu ni kazi yenu. Kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji ni kazi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa mamlaka hayo. Msiandike "ni marufuku." Andikeni "tunashauri," toeni sababu, kisha acheni nusu ukurasa mtupu kwa uamuzi wa mkutano. Ushauri wenu ukirudi ofisini umebadilishwa, usomeni kwa makini kabla ya kupanga sensa nyingine, kwani aliyebadilisha mpaka wa malisho huenda anajua kisima kilichokauka ambacho ndege haikukiona.