Kumbukumbu kwa Maneno Mia

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilayani Ngara. Taarifa nyingi zimeiandika idadi hiyo, hivyo mzee wa Mabawe, wilayani humo, aliyekuwa kando ya barabara waliyopita hana haja ya kuirudia. Akitakiwa kuandika dakika moja tu ya aliyoyaona, kwa maneno yasiyozidi mia, italazimu atafute kile ambacho taarifa hazina. Naamini faida kubwa ya ufupi wa namna hii ni kupambanua tuliyoyaona na tuliyoyasikia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Rasimu ya mzee huyo ina maneno 400: inaanzia kuzaliwa kwake, inaeleza chanzo cha vita vya Rwanda, inataja huzuni kubwa, inamalizia na wito wa amani. Apitie kila sentensi akijiuliza kama asiyekuwapo angeweza kuiandika. Chanzo cha vita kitaondoka, kwa kuwa kimo vitabuni. Huzuni kubwa nayo itaondoka, maana haijulikani ni ya nani, na wito wa amani unaweza kutolewa na yeyote. Atabaki mama mmoja aliyeomba maji, akapiga funda moja, akamimina yaliyosalia katika kibuyu cha mwanawe, kisha akauliza kama mbele kuna mto mwingine. Swali hilo linabeba uchovu na hofu bila kuvitaja. Lakini huenda mwandishi akapunguza mpaka asibakiwe na kitu. Hilo likitokea, amegundua kwamba alichokiita kumbukumbu alisimuliwa na wengine. Si aibu, aseme tu kwamba aliambiwa.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba maneno mia yanaficha ukweli. Hoja yao ni nzito. Miongoni mwa waliovuka Rusumo na kupiga kambi Benaco walikuwamo pia viongozi waliosimamia mauaji ya kimbari, na msomaji asiyejua hilo anaweza kumwona kila mkimbizi kuwa hana hatia. Nakubali kwamba dakika moja haiwezi kueleza sababu za vita, ndiyo maana haifai kusomwa badala ya historia. Hata hivyo, dawa yake haihitaji aya nyingine. Mwandishi abakize mahali na tarehe, ili msomaji ajue historia ipi aiendee, na asimhukumu wala kumtakasa yule mama, kwa sababu kando ya barabara hakuyajua ya nyuma yake. Kurasa kumi zingemshawishi alizibe pengo hilo kwa kukisia. Maneno mia hayampi nafasi hiyo, na kwa sababu hiyo ushahidi wake, japo mdogo, unaweza kuaminiwa na pande zote.