Miezi ya Bure Ina Mwenyewe

Mwenye jengo jipya akikupa fremu na kukwambia miezi sita ya mwanzo hutalipa kodi, mshukuru, saini mkataba, pokea funguo. Ila jioni ukifungua daftari lako la hesabu, usiandike kwamba miezi hiyo pango lilikuwa sifuri. Ukiandika hivyo utajionyesha faida ambayo si yako yote, na ukiigawa utakuwa umekula sehemu ya mwenzio.

Tuchukue mfano. Watu wawili wanafungua duka la vifaa vya ujenzi Dodoma, kwa ushirika wa nusu kwa nusu. Mwenye jengo anataka fremu zake zijae haraka, maana jengo lenye milango iliyofungwa halivutii mpangaji wala mteja. Wanakubaliana mkataba wa miezi 36, kuanzia tarehe 1 Julai 2025 hadi tarehe 30 Juni 2028. Kodi ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, lakini malipo yanaanza Januari 2026.

Miezi watakayolipa ni 30, na 30 mara 1,200,000 ni shilingi 36,000,000. Hiyo ndiyo bei ya fremu kwa muda wote wa mkataba. Fremu wataikalia miezi 36, siyo 30, kwa hiyo gawanya 36,000,000 kwa 36 upate shilingi 1,000,000. Hiyo ndiyo gharama ya pango ya kila mwezi, kuanzia Julai ile ya bure hadi Juni ya mwisho, bila kupanda wala kushuka.

Najua utakaloniuliza: nitaandikaje gharama ya fedha ambayo sijaitoa? Jibu ni kwamba gharama hufuata matumizi, haifuati siku ya malipo. Julai ulifungua mlango, ukapanga nondo na saruji, ukauza. Fremu ilikufanyia kazi. Na usidhani mwenye jengo alikuwa anatoa sadaka. Alikupa miezi sita kwa sababu ulijifunga kukaa miaka mitatu. Mwambie kwamba utakaa ile sita ya bure tu kisha uondoke, uone kama atakukabidhi funguo. Bei ya miezi ya bure imo ndani ya ile 1,200,000 utakayoilipa baadaye.

Kwenye vitabu mambo huenda hivi. Kila mwisho wa mwezi, kuanzia Julai hadi Desemba 2025, debiti gharama ya pango 1,000,000 na krediti pango linalodaiwa 1,000,000. Fedha hazijaguswa. Kufikia tarehe 31 Desemba 2025, mizania itaonyesha pango linalodaiwa la shilingi 6,000,000. Januari unapoanza kulipa, krediti fedha 1,200,000, debiti gharama ileile ya 1,000,000, na ile 200,000 iliyobaki idebiti kwenye pango linalodaiwa ili kulipunguza. Mwaka 2026 ukiisha salio litakuwa 3,600,000. Mwaka 2027 ukiisha litakuwa 1,200,000. Siku ya mwisho ya mkataba litakuwa sifuri.

Sifuri hiyo ndiyo kipimo chako. Siku yoyote ukitaka kujua kama mhasibu wako amekwenda sawa, chukua jumla ya pango lililoandikwa kuwa gharama tangu siku ya funguo, toa jumla ya fedha zilizolipwa, tazama kama tofauti inalingana na salio. Isipolingana, kuna mwezi umerukwa au umeandikwa mara mbili. Na ukiona kitabu ambacho pango limeanza kuandikwa Januari, au mgawanyo umefanywa kwa 30 badala ya 36, fahamu kwamba mtu alianza kuhesabu siku ya malipo ya kwanza. Hesabu huanza siku uliyopewa haki ya kuitumia fremu, hata kama mwezi mzima wa kwanza ulikuwa unapaka rangi na kufunga rafu.

Sasa tuje kwenye haki, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tuseme duka hilo linabakiza shilingi 1,500,000 kila mwezi baada ya gharama zote isipokuwa pango, na mauzo yote ni ya fedha taslimu. Wenzetu hawa wameandika sifuri kwenye pango. Desemba wanafunga hesabu, wanaona faida ya 9,000,000, wanagawana, kila mmoja 4,500,000. Januari mmoja anasema amepata kazi mkoani, anajitoa. Anayebaki anaanza kulipa 1,200,000, na faida ya duka inaanguka hadi 300,000 kwa mwezi. Majirani watamwona hajui biashara. Lakini biashara haikubadilika hata kidogo. Wateja ni walewale na bei ni zilezile.

Wangeandika sawasawa, faida ya miezi ile sita ingekuwa 500,000 kwa mwezi, yaani 3,000,000 kwa jumla. Kila mmoja angechukua 1,500,000, na shilingi 6,000,000 zingebaki dukani. Fedha hizo ndizo zinazozidi kila mwezi katika malipo ya baadaye: 200,000 mara miezi 30. Kumbe aliyeondoka na 4,500,000 aliondoka na shilingi 3,000,000 za kulipia pango la mwenzake. Hakuiba kwa mkono. Daftari ndilo lililomwibia mwenzake kwa niaba yake, na huenda wote wawili walilisaini wakicheka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba daftari likiwepo na likasema uongo, mali huisha kwa saini.

Hata hivyo, haki ina pande mbili, na anayebaki naye asitumie hesabu hii kumdhulumu anayeondoka. Pango linalodaiwa si deni ambalo mwenye jengo anaweza kugonga mlango Desemba akalidai. Kwa mkataba huu, Desemba hakuna kodi iliyofika siku ya kulipwa. Ni alama ya kwamba umetumia kuliko ulivyolipa. Ikiwa mkataba unaruhusu mpangaji kuvunja bila kulipa chochote, na aliyebaki akafunga duka Februari, sehemu kubwa ya zile 6,000,000 haitahitajika tena. Itakuwa faida, na mwenzake aliyeondoka ana haki ya kuuliza fungu lake. Kwa hiyo kabla ya kusaini, someni kifungu cha kuvunja mkataba: je, mkiondoka mapema mtalipia miezi ya bure? Kisha andikianeni nyinyi kwa nyinyi nini kitafanyika mmoja akijitoa. Tena, kama mna ruhusa ya kuondoka wakati wowote bila hasara, muulizane kwa ukweli mtakaa muda gani, kwa sababu muda huo ndio mtakaogawanya nao.

Wapo watakaoniambia kwamba kwao malipo hayaendi mwezi kwa mwezi. Mwenye jengo anadai miezi sita kwa mkupuo. Haibadilishi kitu. Januari 2026 ukitoa 7,200,000 kwa pamoja, zile 6,000,000 zinafutika, na 1,200,000 inakuwa pango lililolipwa kabla. Gharama ya mwezi inabaki 1,000,000. Kufika mwisho wa Juni salio linalodaiwa litakuwa 4,800,000, sawasawa na la yule aliyelipa kidogo kidogo. Na kama mkataba unataja nyongeza ya kodi iliyokwisha kujulikana, kwa mfano mwaka wa tatu kodi iwe 1,300,000, iingize kwenye jumla kabla ya kugawanya. Umeme wa LUKU, maji na mlinzi usivichanganye humu. Hivyo ulivilipia tangu Julai na havikuwa vya bure hata siku moja.

Mwenye jengo naye asidhani nasaha hii haimhusu. Kwake hesabu ni hiyohiyo kwa upande wa pili: mapato ya 1,000,000 kila mwezi tangu Julai, na pango la kupokea linalokua hadi 6,000,000 kisha linapungua. Ila na ajihadhari. Faida hiyo ya miezi ya mwanzo haina fedha ndani yake. Akiwagawia ndugu zake wa urithi mapato hayo Desemba, atawagawia karatasi, au atakopa. Na mpangaji akimtoroka, lazima alifute pango analodai na akubali hasara, badala ya kulibeba mwaka hadi mwaka ili jengo lionekane lina thamani mbele ya benki.

Kuna mpaka wa jambo hili, nisije nikampotosha mtu. Njia hii ya kusawazisha ndiyo inayotakiwa na kiwango cha kimataifa cha biashara ndogo na za kati, katika sehemu yake ya 20, kwa pango la kawaida kama hili. Kampuni kubwa zinazofuata viwango kamili, tangu tarehe 1 Januari 2019 zinatumia IFRS 16. Mpangaji katika kiwango hicho huweka kwenye mizania haki ya kutumia jengo pamoja na deni lake la pango, na husawazisha gharama kwa namna tuliyoieleza kwa mikataba isiyozidi miezi 12 au ya vitu vya thamani ndogo tu. Mwenye jengo bado anasawazisha. Muulize mhasibu wako mnafuata kiwango kipi kabla hujamwambia amekosea.

Na ikiwa unasoma haya umo katikati ya miezi ya bure na daftari lina sifuri, dawa ipo. Kama ni mwezi wa nne, andika leo 4,000,000 kwa pamoja, kisha endelea na 1,000,000 kila mwezi. Kama faida imekwisha kugawanywa, mwite mwenzio, mwonyeshe mkataba na hesabu, na kilichozidi kiandikwe kuwa mmekichukua kutoka kwenye mtaji wenu, kila mtu kwa fungu lake, kitarudi kwa faida zijazo. Atanuna kidogo. Lakini ni afadhali anune Oktoba mkiwa bado mnauza pamoja, kuliko Januari mkiwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, kila mmoja ameshika daftari lake.

Kabla ya kugawana faida yoyote katika miezi ambayo hamlipi kodi, toeni kwanza pango la mwezi kwa kiwango kilichosawazishwa, na fedha yake muitenge kwenye akaunti ambayo hakuna anayeweza kuitoa peke yake. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chenu.