Picha Haikukuambia Hayo Yote

Wanangu mnaoandikia kurasa za Facebook za makanisa, za vikundi vya vijana na za makartie ya Kolwezi, nina neno nanyi juu ya maelezo mnayoyaweka chini ya picha za sherehe. Picha inawafikia kwa WhatsApp, na aliyeituma anahimiza: "Weka basi, watu wanangoja." Nanyi mnaandika papo hapo. Mnachokiandika ndicho kinanitia hofu, kwani katika nchi hii ya shaba na kobalti sentensi moja chini ya picha inaweza kumpokonya mwanakijiji haki yake bila nyinyi kukusudia.

Tuchukue picha ya namna tunayoiona kila mara kwenye vijiji vya barabara ya kwenda Fungurume. Pana bomba la maji lililofungwa utepe. Mwanamume mwenye suti ameshika mkasi. Nyuma yake wamesimama wanaume wawili wenye jile za kung'aa na kofia za usalama, na kando yao akina mama waliovaa kitenge cha tarehe 8 Machi. Juu imetundikwa kaliko, lakini mtu mrefu ameifunika nusu, na kinachosomeka ni "…TION DU FORAGE" tu. Faili inaitwa `IMG-20250314-WA0007.jpg`.

Kijana mwenye haraka ataandika hivi: "Leo, Siku ya Wanawake, kampuni imezindua kisima kipya cha maji safi mbele ya Mheshimiwa Gavana. Zawadi kubwa kwa wakazi zaidi ya 2,000!" Inapendeza kusoma, na karibu kila neno lake limebuniwa.

Anzeni na tarehe. Jina hilo la faili limetungwa na WhatsApp, na kwenye simu za Android tarehe iliyomo ni ya siku simu yako ilipoipokea picha. Picha ya mwaka juzi ikitumwa upya inabatizwa tarehe mpya. Tena WhatsApp inapoibana picha, inafuta taarifa zilizokuwa zimefichwa ndani ya faili, yaani siku na saa ya kupigwa. Mwombeni mpigaji awatumie picha ileile kama hati, si kama picha, ndipo taarifa hizo zibaki. Hata hapo mtakuwa mnaamini saa ya simu yake. Kitenge nacho hakithibitishi siku. Kwetu Machi nzima ni mwezi wa wanawake, na mama aliyenunua kitenge chake hakitupi Aprili. Atakivaa sokoni, atakivaa kanisani hadi kichakae. Ikiwa kimechapwa mwaka, kinawaambia kwamba picha haikupigwa kabla ya kitenge hicho kutoka, basi.

Halafu kaliko. Mmeona herufi nne za mwisho za neno la kwanza, na akili imewajazia "INAUGURATION". Lakini "RÉHABILITATION" nayo inaishia hivyohivyo. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko mnavyodhani. Kisima kilichochimbwa upya ni kisima kimoja zaidi kwa kijiji. Kisima cha zamani kilichokufa pampu kikatengenezwa ni kilekile cha jana. Mkiandika "kipya", mwakani shefu wa kijiji akienda kuomba foraje ya pili, ataonyeshwa ukurasa wenu na kuulizwa mbona tayari anavyo viwili.

Nije sasa kwenye neno "zawadi", maana hapo ndipo roho inaniuma. Kode ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni inayochimba itie saini na wenyeji kaye de sharji, yaani hati ya miradi ambayo kampuni inajifunga kuifanya: maji, shule, barabara, zahanati. Mbali na hati hiyo, sheria inaitaka itenge angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na machimbo, na fedha hizo zinasimamiwa na chombo ambamo wawakilishi wa wenyeji nao wamo. Kwa hiyo bomba lile lingeweza kutoka katika kaye de sharji, au katika ile 0.3%, au katika hiari ya kampuni. Lingeweza pia kuwa la serikali, au la parokia. Picha haionyeshi fedha zilikotoka. Ukiita "zawadi" kitu ambacho sheria inakidai, umewafundisha wenyeji kushukuru kwa deni lao, na siku wakidai lililobaki wataonekana hawana shukrani.

Na hata hiyo "kampuni" mmeipata wapi? Kwenye jile? Maeneo yetu yamejaa wafanyakazi wa kampuni ndogo zilizopewa kazi na kampuni kubwa, na jile inaazimwa, inauzwa, inarithiwa. Nembo mgongoni inasema jile ilikotoka. Aliyelipia kisima ni habari nyingine.

Mwenye suti mwacheni awe mwenye suti mpaka mtu aliyekuwepo amtaje. Mara nyingi mkubwa aliyealikwa hutuma mwakilishi. "Maji safi" liacheni kabisa, hasa katika ardhi yenye machimbo, ambako maji yanaweza kung'aa kwenye glasi na bado yakawa na madini yasiyofaa kunywewa. Usafi huo unajulikana kwa vipimo vya maabara, na jicho halitoshi. Katika picha yetu maji hata hayajatoka, utepe bado haujakatwa. Na wale 2,000 hawamo kwenye fremu. Hesabuni vichwa, mkipata kama thelathini, mmeona watu kama thelathini.

Mtaniuliza, "Baba, sasa tuandike nini?" Pigeni simu mbili. Ya kwanza kwa aliyeipiga picha, si aliyeituma: ulikuwa wapi, siku gani, kaliko yote ilisomekaje? Ya pili kwa mtu wa komite ya maji ya kijiji: kisima ni kipya au kimetengenezwa, nani amelipa na kwa hati gani, maji yanatoka? Dakika kumi zinatosha. Jibu likihusu fedha, liandikeni kama neno la aliyelisema: "Kwa maelezo ya komite ya maji, kazi hii imo katika kaye de sharji." Hivyo akikosea, msomaji anajua pa kuuliza.

Simu zisipopokelewa, andikeni kilichoonekana: "Watu mbele ya bomba la maji lililofungwa utepe ambao bado haujakatwa. Tunaendelea kuuliza habari za mradi huu, uliyekuwepo, tuandikie." Ni maneno makavu, najua. Lakini yanamkaribisha aliyekuwepo aseme, badala ya kumsemea. Jina la kijiji msiliweke kwa kukisia kutokana na udongo mwekundu na mabati. Kutoka Kolwezi hadi Fungurume vijiji vinafanana, na Fungurume iko teritware nyingine kabisa, yenye machimbo mengine na kaye de sharji nyingine.

Habari kamili ikija, rekebisheni palepale kwenye posti ileile, mkiongeza mstari wa kusema mmebadilisha nini na lini. Kisha rudini kwenye kila kundi la WhatsApp mlikoipeleka, mweke na huko marekebisho, kwa sababu ukurasa ukirekebishwa, nakala iliyopigwa kwenye kioo cha simu inabaki na maneno ya kwanza.