Kipimo cha Nyumbani

Msichana anajuaje kwamba damu yake ya hedhi imezidi? Hana mwili wa pili wa kulinganisha nao. Humuuliza mama au dada. Mama akimjibu, “Sisi sote ndivyo tulivyo, mwanangu,” hasemi uongo. Tatizo ni kwamba huenda wote ni wagonjwa.

Mwaka 1924, daktari Erik von Willebrand wa Helsinki, nchini Finland, alimpokea Hjördis, mtoto wa miaka 5 kutoka visiwa vya Åland. Dada zake wanne walikuwa wamekufa wadogo kwa kutokwa damu. Ugonjwa wa aina hiyo uliojulikana ulikuwa hemofilia, ambayo huwapata hasa wanaume. Daktari akauchunguza ukoo: kati ya watu 66, 23 walikuwa na dalili, na wengi wao walikuwa wanawake. Mwaka 1926 akauandika kama ugonjwa mpya, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Hjördis alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne.

Mshipa ukichanika, chembe sahani zinapaswa kuziba tundu, lakini mkondo wa damu unazisukuma zipite. Protini ndefu inayonata huishika kuta iliyojeruhiwa kwa upande mmoja na kuzinasa chembe kwa upande mwingine. Ikipungua au ikiwa na kasoro, chembe hupita tu. Kwa hiyo idadi ya chembe hizo inaweza kuwa ya kawaida kabisa, na mgonjwa akaambiwa yu mzima. Lazima ipimwe protini yenyewe.

Mara nyingi mzazi mmoja mwenye kasoro anatosha, na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Ndiyo maana rula ya nyumbani hupinda. Neno “kawaida” lina maana mbili, yaani jambo linalotokea mara nyingi na jambo lililo sawa, na katika nyumba kama hiyo maana hizo hugeuka kuwa moja.

Je, mama alaumiwe? Sioni hivyo. Mtu hawezi kudaiwa kipimo ambacho hakuwahi kupewa. Deni ni la aliye nacho: daktari, muuguzi, matroni wa bweni. Wala haitoshi kuuliza, “Unatoka damu nyingi?” kwa kuwa swali hilo linamrudisha msichana kwenye rula ileile. Aulizwe vinavyohesabika: je, hedhi huzidi siku 7? Pedi hujaa ndani ya saa moja au mbili? Alipong’olewa jino, damu ilichukua muda gani kukata? Nani mwingine nyumbani yuko hivyo?

Akijibu, “Sote,” muulizaji asitulie. Jibu hilo ndilo dalili.